Kabla ya Mistari Miwili: Dalili za Mimba Changa, Dalili za Kabla ya Hedhi na Homoni ya hCG

Katika wiki ya kwanza baada ya yai kupevuka, mwili wa mwanamke aliyeshika mimba na wa yule ambaye hakushika huongozwa na homoni ileile, projesteroni. Yai linapotoka kwenye ovari, kifuko kilichokuwa kimelibeba hakipotei. Hujifunga, hugeuka rangi na kuwa cha manjano, kisha huanza kutengeneza projesteroni kwa wingi, pamoja na estrojeni kiasi. Wataalamu hukiita kopasi luteamu. Umri wake ni mfupi: kisipopata taarifa kwamba mimba imetunga, hunyauka baada ya siku 14 hivi, projesteroni hushuka, utando mnene uliokuwa umeandaliwa ndani ya mji wa mimba hukosa cha kuushikilia, na hedhi hutoka.

Karibu kila dalili ambayo mwanamke huisikia katika siku hizo ina mkono wa projesteroni ndani yake. Homoni hii hulegeza misuli ya utumbo, chakula kikapita polepole, tumbo likajaa gesi na choo kikawa kigumu. Huvimbisha tezi za maziwa, matiti yakawa mazito na yenye kuuma yakiguswa. Hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 za Selisiasi, na huleta usingizi na uchovu. Kwa baadhi ya wanawake, kupanda na kushuka kwake huambatana na hasira za haraka, huzuni au machozi yasiyo na sababu. Hizi ndizo dalili za kabla ya hedhi, na mtu akizisoma upya atagundua kwamba ndizo hizohizo zinazotajwa kila mahali kuwa dalili za mwanzo za mimba. Mwanamke anayejipapasa matiti siku tano kabla ya tarehe yake akijiuliza kama amenasa, anauliza swali ambalo matiti hayana jibu lake. Yangeuma hivyohivyo hata kama yai halikukutana na mbegu.

Kinachotenganisha hali hizi mbili hutokea ndani, kimya, siku kadhaa baada ya tendo la ndoa. Yai huishi saa 24 hivi tu baada ya kutoka kwenye ovari. Likirutubishwa ndani ya mrija, huanza kugawanyika huku likisukumwa taratibu kuelekea kwenye mji wa mimba. Katika safari hiyo mwili wa mama haujui kwamba kuna kiumbe, wala hakuna kipimo cha dukani au cha maabara ya kawaida kinachoweza kukigundua. Mambo hubadilika kiumbe kinapofika na kujipandikiza ukutani. Watafiti wa Marekani, Allen Wilcox na wenzake, waliwafuatilia wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto kwa kupima mkojo wao wa kila siku, na mwaka 1999 walieleza kwamba katika mimba zilizodumu, asilimia 84 zilijipandikiza katika siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kupevuka. Za mapema zaidi zilikuwa za siku ya 6, za mwisho siku ya 12.

Seli za nje za kiumbe, zile zitakazojenga kondo la nyuma, ndizo zinazotengeneza hCG. Mara kiumbe kinapoushika ukuta, homoni hiyo huanza kuingia kwenye damu ya mama. Kazi yake ya kwanza ni kukiokoa kile kifuko cha manjano. hCG inafanana sana na homoni ya ubongoni iitwayo LH, ambayo ndiyo iliyolipevusha yai, kiasi kwamba kifuko huipokea kupitia mlango uleule na kuendelea kutengeneza projesteroni badala ya kunyauka. Hedhi haiji kwa sababu amri ya kuizuia imefika kabla ya siku ya 14. Kati ya wiki ya 7 na ya 9 ya mimba, kondo lenyewe huichukua kazi ya kutengeneza projesteroni na kifuko hakihitajiki tena.

Mfano wenye tarehe husaidia kuona jinsi muda ulivyo mfinyu. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 ameanza hedhi tarehe 1 Machi. Yai lake limepevuka tarehe 14, na hedhi ijayo anaitarajia tarehe 29. Kiumbe kimejipandikiza siku ya 9 baada ya yai kupevuka, yaani tarehe 23. Siku hiyo hCG yake ni kama 1, kwa kipimo cha mIU/mL kinachoandikwa kwenye boksi la vipimo. Katika siku za mwanzo kabisa homoni hii hupanda kwa kasi kubwa: tarehe 24 inaweza kuwa 3, tarehe 25 ikawa 7, tarehe 26 ikawa 13, tarehe 27 ikawa 22, tarehe 28 ikawa 36, na tarehe 29 ikakaribia 58. Tarakimu hizi ni za mfano, kwa kuwa wanawake hutofautiana sana, lakini mwendo wake ndio huo. Vipimo vingi vya dukani hugundua kuanzia 25. Mwanamke huyu akipima tarehe 25 kwa sababu matiti yanamuuma, atapata mstari mmoja. Akipima tarehe 28 huenda akaona mstari wa pili uliofifia, na tarehe 29 utakuwa umekolea.

Sasa ichukuliwe kwamba kila kitu ni kilekile ila kiumbe kimejipandikiza tarehe 26. Tarehe 29 hedhi haijaja, lakini hCG ndiyo kwanza imefika 13. Kipimo kitasema hapana, na mimba ipo. Au ichukuliwe kwamba mwezi huo yai limechelewa kupevuka kwa siku sita, jambo la kawaida kabisa baada ya safari, ugonjwa au msongo wa mawazo. Hapo tarehe 29 ya kalenda haina maana tena: kiumbe, kama kipo, ndiyo kinajipandikiza siku hiyohiyo, na kama hakipo, hedhi itakuja yenyewe tarehe 4 Aprili. Sehemu ya mzunguko inayobadilikabadilika zaidi ni ile ya kabla ya yai kupevuka, na ndiyo sababu ya hedhi nyingi zinazochelewa bila mimba. Kwa hiyo mwenye mstari mmoja ambaye hedhi yake haijafika hushauriwa kurudia baada ya siku chache, na aliyesubiri wiki nzima tangu tarehe aliyoitarajia hupata jibu la kuaminika.

Dalili zenyewe, zikitazamwa moja moja, hazina uzito sawa. Kukosa hedhi ndiyo dalili nzito kuliko zote kwa mwanamke ambaye siku zake hazibadiliki. Kwa anayenyonyesha, anayetumia sindano ya uzazi wa mpango au ambaye siku zake huruka ovyo, dalili hiyo haimsaidii, na wanawake wa namna hii ndio wanaogundua mimba ikiwa na miezi mitatu au minne.

Kichefuchefu huja baadaye kuliko watu wanavyodhani. Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku hedhi inapokosekana mimba tayari inaitwa ya wiki 4. Kichefuchefu kwa wengi huanza kuelekea wiki ya 6. Kwa miaka mingi hCG ndiyo iliyolaumiwa, kwa kuwa hali hii huwa mbaya zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 11, wakati hCG nayo ipo kileleni. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwishoni mwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mchochezi mkubwa ni homoni nyingine ya kondo iitwayo GDF15, na kwamba mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo ndiye huugua zaidi ujauzito unapoimwaga kwa ghafla. Kichefuchefu kinachoanza siku tatu baada ya tendo hakiwezi kutoka kwenye kondo, maana halijaanza kujengwa.

Matiti huuma katika hali zote mbili, ila mwenendo wake ni tofauti. Maumivu ya kabla ya hedhi hupungua damu inapoanza au siku moja mbili baadaye. Ya mimba huendelea na kuongezeka, na wiki kadhaa baadaye duara linalozunguka chuchu huwa jeusi zaidi, vijipele vyake vikajitokeza na mishipa ya damu ikaonekana chini ya ngozi. Kwenda haja ndogo mara kwa mara ni dalili ya mimba zaidi kuliko ya hedhi, kwa kuwa figo huanza kuchuja damu nyingi zaidi mapema, ingawa mwenye mkojo unaochoma anapaswa kupimwa maambukizi ya njia ya mkojo kwanza. Tumbo la chini kuvuta na kiuno kuuma havitofautishi chochote. Hamu ya udongo, ile inayowafanya wajawazito wengi wa Afrika Mashariki kununua vipande vya udongo sokoni, hupatikana pia kwa mtu mwenye upungufu wa damu ambaye hana mimba kabisa.

Joto la mwili lina mkanganyiko wake katika nchi zenye malaria. Mwanamke mwenye mimba changa hujisikia amechoka, mwili umepata joto kidogo, kichwa kinauma na chakula hakimpendezi, akaenda kununua dawa ya malaria bila kupima. Joto linaloletwa na projesteroni ni dogo na halifiki nyuzi 38. Homa ya kweli haitokani na mimba, hata kama mimba ipo, na mwenye dalili hizo anahitaji vipimo viwili, cha malaria na cha mimba, kwa sababu malaria kwa mjamzito ni hatari na mtoa dawa huchagua dawa akijua hali hiyo. Kwa anayepima joto lake kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, liko jambo moja la kutazama: joto lililopanda baada ya yai kupevuka likidumu zaidi ya siku 18 bila kushuka, uwezekano wa mimba ni mkubwa.

Damu ndiyo inayowachanganya wengi. Inasemwa kwamba kiumbe kinapojipandikiza hutoa matone, na kwamba damu hiyo hutangulia hedhi kwa siku kadhaa. Wale watafiti waliofuatilia mikojo ya kila siku walilichunguza jambo hili pia. Kati ya wanawake 151 ambao mimba zao zilidumu zaidi ya wiki 6, ni 14 tu waliotokwa na damu katika wiki 8 za mwanzo, na kwa kawaida haikuwa siku ya kujipandikiza. Ilielekea kutokea karibu na tarehe ambayo hedhi ingekuja. Damu hiyo ilikuwa kidogo, na wengi wa wanawake hao walijifungua salama. Funzo lake la vitendo ni hili: damu kidogo isiyofanana na hedhi ya kawaida, iliyokuja tarehe ya hedhi, haiondoi uwezekano wa mimba. Mwanamke anayeihesabu kuwa hedhi yake hukosea umri wa mimba kwa mwezi mzima.

Namna ya kuinasa hCG yenyewe ina historia inayoanzia kwenye wanyama. Mjini Berlin, katika miaka ya 1920, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waliwadunga panya wachanga mkojo wa wanawake. Mkojo ukiwa wa mjamzito, ovari za panya zilivimba na kupevuka, lakini ili kuziona ilibidi panya auawe. Mwingereza Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, alimfanyia uchunguzi chura wa majini wa Afrika Kusini, Xenopus laevis. Chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai ndani ya siku moja, akabaki hai na kutumika tena. Kuanzia miaka ya 1930 vyura hawa walisafirishwa hadi hospitali za Ulaya na Amerika. Kilichowafanya watage ni kilekile kinachookoa kile kifuko cha manjano: hCG huiga LH.

Mfanano huo ulikuwa pia tatizo. hCG imeundwa kwa vipande viwili, alfa na beta. Kipande cha alfa ni sawa na cha LH, kwa hiyo vipimo vya zamani viliweza kuichanganya mimba na homoni ya kawaida ya mzunguko. Mwaka 1972 Judith Vaitukaitis na wenzake walichapisha kipimo kinachotambua kipande cha beta, ambacho ndicho cha pekee kwa hCG, na vipimo vya nyumbani vilivyofuata baadaye katika muongo huo vilipata msingi imara.

Kipande cha UPT kinachouzwa leo kwenye duka la dawa hufanya kazi hiyo kwa karatasi. Mkojo ukipanda kwenye karatasi hukutana na kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo sana za rangi. Zikiikuta hCG huishika na kusafiri nayo hadi kwenye mstari wa T, ambako kingamwili nyingine, zilizogandishwa hapo, huishika hCG kwa upande wake wa pili. Chembe hurundikana na mstari wenye rangi hutokea. Chembe zilizobaki huendelea hadi mstari wa C, ambao hutokea kuwe na mimba au kusiwe. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika na jibu lake halihesabiki, hata kama T imeonekana. Mstari wa T uliofifia lakini wenye rangi, uliotokea ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, ni jibu la ndiyo. Kivuli cha kijivu kinachojitokeza baada ya nusu saa ni alama ya mkojo uliokauka. Katika siku za mwanzo mkojo wa kwanza wa asubuhi hufaa zaidi, kwa kuwa maji mengi ya kunywa huichuja hCG ikawa chini ya kiwango kinachoonekana.

Utaratibu huu unaonyesha pia kwa nini kumwaga mkojo kwenye chumvi, sukari au dawa ya meno, kama inavyoelekezwa na wengi, hakupimi kitu. Hakuna kitu ndani ya chumvi kinachoitambua hCG. Mapovu na mabonge hutokana na asidi na chumvichumvi za mkojo wenyewe, na hata mkojo wa mwanamume huweza kuyatoa.

Jibu la ndiyo mara chache huwa la uongo, lakini linaweza kuwa la kweli na bado mimba isiwepo wiki inayofuata. Mimba nyingi hutoka zenyewe siku chache baada ya kujipandikiza. Zamani mwanamke angesema tu kwamba hedhi imechelewa kidogo na imekuja nzito. Anayepima mapema leo huona mistari miwili, kisha damu, kisha mstari mmoja. Kipimo hakikudanganya, wala kazi aliyofanya au chakula alichokula kwa kawaida si chanzo. Mara nyingi kiumbe kilikuwa na kasoro za kromosomu tangu mwanzo. hCG hubaki pia kwenye mkojo kwa wiki kadhaa baada ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa, na mwanamke aliyechomwa sindano ya hCG katika matibabu ya ugumba anaweza kupata ndiyo isiyo yake kwa siku 10 au zaidi.

UPT husema kwamba hCG ipo. Haisemi mimba iko wapi. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, mara nyingi ndani ya mrija, nayo hutoa hCG, na mistari miwili huonekana vilevile. Daktari anaposhuku hali hiyo hupima kiasi cha hCG kwenye damu, kisha hurudia baada ya saa 48. Mimba changa iliyo mahali pake kwa kawaida huongeza kiasi hicho kwa nusu au zaidi, na mara nyingi huelekea kukiongeza maradufu. Ya nje ya mji wa mimba mara nyingi hupanda kwa kusuasua. Kuanzia wiki ya 5 hivi, altrasaundi ya ukeni huweza kuuona mfuko wa mimba ndani ya mji wa mimba. Mwenye jibu la ndiyo anayepata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au kizunguzungu, kuzimia au maumivu ya bega, hatakiwi kusubiri vipimo vya saa 48. Anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa mrija uliopasuka humwaga damu nyingi tumboni kabla ya chochote kuonekana nje.

Upande wa pili wa kipimo ni hCG iliyozidi. Katika mimba zabibu, kondo hukua ovyo likawa vifuko vingi vya maji, kwa kawaida bila mtoto anayeweza kuishi, na hCG hupanda kupita kiasi. Mgonjwa hutapika kuliko kawaida, hutokwa na damu, na tumbo lake hukua kuliko umri wa mimba. Wakati mwingine homoni huwa nyingi mno kiasi cha kuzijaza kingamwili zote za kipimo, za kwenye chembe na za mstarini, zisiweze kuungana, na UPT ikaonyesha mstari mmoja kwa mwanamke mwenye hCG kubwa kuliko wote wodini. Mkojo huohuo ukizimuliwa kwa maji, mstari wa pili hujitokeza. Baada ya kusafishwa, hCG yake hupimwa kila wiki hadi irudi chini kabisa, kisha kwa miezi kadhaa, ili kujua kama seli za kondo zimebaki na zinageuka kuwa saratani. Katika kipindi hicho hushauriwa kutumia uzazi wa mpango, kwa sababu mimba mpya nayo hupandisha hCG, na daktari hushindwa kujua kama kinachopanda ni mtoto au ugonjwa uliorudi.